Elsii imefika, lakini masharti yake hatuyawezi

Elsii ilitufikia Alhamisi tarehe 18 Julai 2024, kurasa tatu zilizochapwa na benki yetu hapa Dar es Salaam. Mjomba, ambaye kampuni ni yake, akaniambia nimpigie wakala aanze kutafuta kontena. Nikamwomba anivumilie hadi kesho yake asubuhi, niisome kwanza. Tulikuwa tumemuuzia mnunuzi wa Qingdao, China, tani 95 za ufuta wa Lindi kwa dola 1,600 kila tani, jumla dola 152,000, na ule ufuta tulishaulipia mnadani. Magunia 1,900 ya kilo hamsini hamsini yalikuwa yamepangwa ghalani, na hela ya mkopo wa msimu ilikuwa imelala ndani yake.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, elsii ni ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba itakulipa ukiileta seti ya hati zilizotajwa, zikiwa vilevile zilivyotajwa, kabla ya siku iliyotajwa. Benki haiji kuuangalia ufuta. Inaangalia karatasi tu, na ikikuta kasoro moja ya kweli ina haki ya kukataa kulipa hata kama ufuta ni wa daraja la kwanza. Kanuni zinazotumika karibu kila mahali ni zile za Chemba ya Kimataifa ya Biashara ya Paris, zinazoitwa UCP 600, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2007. Ndiyo maana mimi huisoma elsii nikiwa na kalamu mkononi na mkataba wa mauzo pembeni, na katika kila sharti najiuliza swali moja: hati hii nitaipata kwa nani, na lini?

Usiku ule nilipiga mstari chini ya mambo matatu. Baada ya kuyatafakari, moja nikalifuta.

Nianze na tarehe. Sehemu ya 44C, ambayo ni siku ya mwisho ya kupakia melini, ilisema 10 Agosti. Sehemu ya 31D ilisema elsii inakwisha 17 Agosti, tena inakwisha China. Sehemu ya 48 ilitupa siku saba tu baada ya kupakia kuwasilisha hati. Mwaka ule meli zilikuwa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa ajili ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu, bandari ya Singapore ilikuwa imeelemewa, na ratiba zilivurugika hadi huku kwetu. Meli ya karibu iliyokuwa na nafasi ya kontena zetu tano ilikuwa ya tarehe 27 Agosti.

Lakini hebu tuseme meli ingepatikana. Chukua kalenda uhesabu nami. Meli inaondoka 10 Agosti, Jumamosi. Hati ya shehena inatoka kwa kampuni ya meli baada ya siku tatu au nne, kwa sababu lazima tukague rasimu, tusahihishe, tulipie, ndipo tupewe nakala halisi. Hapo ni tarehe 13 au 14. Hati zikipelekwa benki siku hiyohiyo, kifurushi kinatumia siku tano hivi kufika Qingdao. Tayari ni tarehe 18, na tarehe ya elsii imepita jana yake. Maana yake ni kwamba hata kama kila mtu angefanya kazi yake bila kuchelewa, tungekuwa hatarini kutolipwa. Mtu anayesoma 44C peke yake haoni jambo hili, kwa sababu zile sehemu tatu zinabanana zenyewe kwa zenyewe.

Sharti la pili ndilo lililoninyima usingizi. Katika sehemu ya 46A, pamoja na ankara, hati za shehena, cheti cha asili ya bidhaa, cheti cha afya ya mimea na cheti cha ufukizaji, palikuwa na mstari unaotaka cheti cha ukaguzi kilichotolewa na kusainiwa na mwakilishi wa mnunuzi, ambaye saini yake lazima ilingane na ile iliyohifadhiwa katika benki iliyofungua elsii. Ukiusoma haraka unaonekana ni mstari wa kawaida. Mnunuzi ana haki ya kujua ananunua nini. Sasa ufikirie kidogo. Huyo mwakilishi asipokuja Dar, hatuna cheti. Akija akakataa kusaini, hatuna cheti. Akija akasaini vizuri kabisa, bado hatuna njia ya kujua kama saini yake inafanana na iliyoko kwenye jalada la benki iliyoko China. Ufuta unakuwa umeshaondoka, na malipo yetu yananing'inia kwenye mkono wa mtu wa mnunuzi. Sisemi kwamba kila anayeweka sharti hili ana nia mbaya. Wengi huliacha kwa sababu limo kwenye fomu yao ya miaka yote. Ila kwa muuzaji, likibaki, ahadi ya benki inageuka kuwa hiari ya mnunuzi, na hiari ya mnunuzi tungeipata hata bila kulipa gharama za elsii.

Jambo nililolifuta ni la kuhamisha mzigo njiani. Sehemu ya 43T ilikataza kontena kushushwa meli moja na kupandishwa nyingine, na mzigo wa kutoka Dar kwenda Qingdao mara nyingi hubadilisha meli katikati ya safari. Nilitaka kuomba liondolewe. Nikampigia dada mmoja wa dawati la biashara za nje pale benki, mtu aliyenifundisha mengi.

"Shikamoo dada. Hili la 43T nalo niliweke kwenye barua?"

"Marahaba, mdogo wangu. Mzigo wako si uko kwenye kontena? Soma kifungu cha 20 cha UCP 600, kipengele cha (c). Hati ya shehena ikionyesha ni kontena na ni hati moja ya safari nzima, benki inaikubali hata kama elsii imekataza. Angalia tu 47A, wasiwe wameondoa hicho kipengele."

Nikaangalia 47A, sehemu ya masharti ya ziada, hawakuwa wamekiondoa. Nikaliacha. Hapa nina msimamo: usiombe marekebisho usiyoyahitaji. Kila ombi la ziada linampa mnunuzi nafasi ya kudai kitu naye, na linamfanya akuone hujui unachofanya.

Asubuhi nilimweleza mjomba. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, huyu bwana tunaongea naye kila siku. Nimpigie tu, akikubali tupakie, karatasi zitafuata."

Nilimkumbusha 2019. Mwaka huo tulikuwa na kontena mbili, tani 38, za mnunuzi wa nchi nyingine. Meli ilichelewa siku nne kupita tarehe ya elsii. Mnunuzi akatuambia kwa simu tusiwe na wasiwasi, tupakie, atarekebisha. Tukapakia. Marekebisho hayakuja. Benki yake ikakataa hati kwa sababu mzigo ulipakiwa baada ya muda, na kwa kanuni ilikuwa na haki kabisa. Wakati huo bei ya ufuta ilikuwa imeshuka, kontena zimeshafika bandarini kwake na gharama za kukaa zinahesabika kila siku. Mnunuzi yuleyule aliyesema tusiwe na wasiwasi akataka tupunguze dola 150 kila tani. Tulipunguza. Dola 5,700 ziliondoka, na baada ya kulipa benki riba yake hakikubaki kitu. Mjomba hakuzungumza tena habari ya simu.

Kifungu cha 10 cha UCP 600 kiko wazi: elsii haibadilishwi bila ridhaa ya benki iliyoifungua, ya benki iliyoithibitisha kama ipo, na ya muuzaji. Mnunuzi hayumo katika orodha hiyo. Neno lake, barua pepe yake, hata ujumbe wake wa watsapu wenye picha ya mkono unaokubali, haubadilishi herufi moja. Anachoweza kufanya ni kwenda benki kwake na kuomba, na benki ikikubali inatuma ujumbe wa MT707 kwa benki ileile iliyotufikishia elsii ya kwanza. Mnunuzi akikutumia picha ya MT707 kwenye simu, mshukuru, kisha subiri benki yako ikupigie.

Kwa hiyo barua tunamwandikia mnunuzi, lakini lazima iandikwe kwa namna ambayo ofisa wa benki yake ataweza kuifanyia kazi. Jumatatu tarehe 22 niliandika barua moja yenye maombi yote. Moja, narudia, kwa sababu kila marekebisho yana ada na kila safari ya benki ina siku zake. Ukiomba tarehe leo na cheti wiki ijayo, umelipa mara mbili na umemchosha mtu unayemtegemea. Juu niliweka namba ya elsii, tarehe yake na jina la benki iliyoifungua. Chini yake, kwa kila ombi, nikaandika namba ya sehemu, inavyosema sasa, tunavyoomba isomeke, na sababu kwa sentensi moja. Sehemu fupi niliziandika kama zitakavyoonekana kwenye ujumbe wenyewe:

```
:31D:240926TANZANIA
:44C:240905
:48:21
```

Tarehe 5 Septemba inaipa meli ya 27 Agosti siku tisa za kuchelewa. Siku 21 ndizo ambazo kanuni zenyewe zinatoa pale elsii isiposema kitu, kwa hiyo hatukuomba upendeleo. Na 26 Septemba ni 5 Septemba ukiongeza hizo 21. Kubadilisha mahali pa kuishia kuwa Tanzania kulikuwa muhimu kuliko hata tarehe yenyewe, maana hapo tunakuwa tumetimiza muda tunapokabidhi hati kwenye kaunta ya benki yetu hapa mjini, na kifurushi kikichelewa angani si mzigo wetu tena.

Cheti cha ukaguzi nilikiandikia aya nzima. Barua ilikuwa ya Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii: "Tunaomba sharti la cheti kilichosainiwa na mwakilishi wenu liondolewe, na badala yake liwekwe: cheti cha ubora na uzito kilichotolewa na kampuni huru ya ukaguzi katika bandari ya kupakia. Mtachagua ninyi kampuni kati ya hizi tatu tunazoziambatanisha, na gharama ya ukaguzi ni yetu. Mwakilishi wenu anakaribishwa ghalani wakati wa kujaza kontena siku yoyote. Tunachoomba ni saini yake isiwe miongoni mwa hati za malipo." Sentensi ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi. Mnunuzi alitaka uhakika wa mzigo, na tukampa njia ya kuupata bila kutufunga.

Nikaambatanisha uthibitisho wa nafasi melini kutoka kampuni ya meli, wenye jina la meli na tarehe. Hili watu wengi hulisahau. Mnunuzi anapoomba benki yake iongeze muda, benki inaona kwamba dhamana iliyotoa kwa niaba yake itakaa wazi wiki nyingi zaidi, na pengine fedha alizoweka kama akiba zitaendelea kushikiliwa. Lazima ajieleze. Karatasi ya kampuni ya meli inamsaidia kujieleza, kuliko sisi kusema tu kwamba kuna ugumu wa usafiri. Kuhusu ada ya marekebisho, nilipendekeza ile ya benki yake alipe yeye na ya benki yetu tulipe sisi. Angegoma ningelipa zote, kwa sababu ada ni kitu kidogo ukilinganisha na kontena tano zisizolipiwa. Hakugoma.

Marekebisho yalikuja Alhamisi tarehe 1 Agosti. Tarehe zote sawa. Cheti cha ukaguzi kimebadilishwa vizuri. Nikakaribia kushangilia, hadi nilipofika mstari wa chini kabisa: unyevu wa ufuta usizidi asilimia 6. Mkataba wetu ulisema asilimia 7, na sampuli tuliyokuwa tumeshaipima ilitoa 6.4. Kampuni huru ya ukaguzi ingeandika 6.4 kwenye cheti, kama inavyopaswa, na benki ingekataa hati zetu zote kwa namba moja.

Mjomba akasema tukubali tarehe na cheti, la unyevu tulikatae. Haiwezekani. Kifungu hichohicho cha 10 kinasema kukubali nusu ya marekebisho hakuruhusiwi, na kunahesabiwa kuwa umeyakataa yote. Unayapokea mazima au unayarudisha mazima. Nikampigia tena yule dada.

"Dada, wameandika tusipojibu ndani ya siku tano itahesabika tumekubali."

"Hiyo haina nguvu, kanuni zinasema ipuuzwe. Mpaka wewe useme umekubali, ile elsii ya mwanzo ndiyo iliyosimama. Lakini usikae kimya. Niletee barua ya kukataa leo, niwatumie."

Alikuwa na sababu nyingine ya kutaka barua ile, ambayo alinieleza nilipofika. Ukinyamaza, halafu ukaja kuwasilisha hati zinazolingana na yale marekebisho, kitendo hicho chenyewe kinahesabiwa kuwa umeyakubali. Ni mlango unaoweza kukusaidia ukiwa unaujua, na kukunasa ukiwa huujui. Ijumaa tarehe 2 nikapeleka barua ya mistari mitatu kwamba marekebisho namba moja tumeyakataa.

Kwa mnunuzi niliandika kwa upole. Sikumlaumu. Nilimnukulia kifungu cha ubora cha mkataba alichosaini, nikamwambia sampuli imetoa ngapi, nikamwomba marekebisho mapya yenye yale yale ila bila mstari wa unyevu, au wenye asilimia 7 kama mkataba. Akajibu kwamba mtu wake wa ubora ndiye aliyeuongeza, akidhani ni nafasi nzuri. Safari hii nikaomba kitu ambacho nilipaswa kukiomba tangu mwanzo: anitumie rasimu ya maombi kabla hajaipeleka benki. Rasimu ikaja Jumanne tarehe 6. Nikaisoma mara mbili, nikakuta wameandika jina la kampuni ya ukaguzi na herufi moja imekosewa. Tukasahihisha kabla haijaenda. Kama ingepita, tungehitaji marekebisho ya tatu kwa ajili ya herufi moja, au kubishana na mkaguzi wa hati kama ile ni kampuni ileile.

Muda wote huo magunia hayakusogea. Wakala alinipigia mara tatu kuuliza tuanze lini kujaza, na kila mara nilimjibu kwamba nafasi ya meli ashikilie lakini kontena zisichukuliwe. Ilikuwa ngumu. Ghala linalipiwa, na mjomba alikuwa akipita mlangoni kwangu bila kusema neno. Lakini gunia lililo ghalani Dar es Salaam bado ni lako, unaweza kulikopea na unaweza kumuuzia mwingine. Likishakuwa baharini chini ya elsii usiyoiweza, liko njiani kwenda kwa mtu anayejua kwamba huna pa kulipeleka.

Nane Nane benki zilifungwa. Ijumaa tarehe 9 Agosti yule dada akapiga: MT707 imefika, marekebisho namba mbili. Nilikwenda kuyasoma palepale kwenye meza yake, mstari kwa mstari na rasimu pembeni, nikasaini barua ya kukubali nikiwa nimesimama. Kuanzia pale ndipo yakawa masharti yetu. Siku iliyofuata ilikuwa 10 Agosti, ile siku ya mwisho ya kupakia ya elsii ya kwanza.

Kontena zilijazwa wiki iliyofuata, magunia 380 katika kila moja. Mwakilishi wa mnunuzi alikuja kweli, akatoboa magunia na chuma chake cha kuchotea sampuli, akaonja ufuta, akapiga picha, akanywa chai na vijana wa ghalani. Hakusaini kitu. Cheti cha kampuni huru kilisema unyevu 6.5. Meli iliondoka tarehe 27 kama ilivyopangwa, hati ya shehena ikatoka siku tatu baadaye, na Ijumaa tarehe 6 Septemba nilikabidhi seti nzima benki, siku ya kumi kati ya zile 21. Malipo yaliingia tarehe 20 Septemba.

Mkataba wa msimu uliofuata na mnunuzi yuleyule una kipengele kipya, na ni kifupi: atatutumia rasimu ya maombi ya elsii kabla ya kuifungua, nasi tutajibu ndani ya siku mbili za kazi, na siku ya mwisho ya kupakia itahesabiwa kuanzia siku elsii inayokubalika inapotufikia, si kuanzia siku ya kusaini mkataba. Rasimu ya kwanza ilipokuja nilikuta ule mstari wa saini ya mwakilishi umo tena, kwenye fomu yao ya miaka yote. Niliukata kwa kalamu nyekundu, nikaupiga picha, nikaurudisha. Elsii yenyewe ilipofunguliwa haukuwamo.